Dakika ishirini si nukta ishirini: saa za daftari hadi saa za malipo

*"Habari mtaalamu. Natunza mahudhurio na malipo ya wafanyakazi 14 kwenye kiwanda kidogo cha mikate hapa Morogoro. Wanasaini daftari wakiingia na wakitoka, mimi najumlisha saa za wiki kwa kikokotoo halafu napiga ovataimu. Wiki iliyopita mpishi mmoja, mshahara wake 390,000 kwa mwezi, nilimwandikia saa 45.80. Kaja na karatasi yake, anasema ni saa 47 kamili na nimemla saa moja na dakika kumi na mbili. Siku zake zilikuwa 8.20, 8.40, 8.10, 8.50, 7.25 na 5.35. Nikajaribu Excel, jumla ikaja 23:00, na nikizidisha kwa 2,000 ya saa napata 3,917. Mwenzangu anasema nikadirie kila siku kwenye robo saa iliyo karibu, yaishe. Nishike lipi?"*

Mshike mpishi. Hesabu yake ni sahihi mpaka dakika ya mwisho, na ukiweka kikokotoo pembeni utaiona mwenyewe. Jumlisha saa peke yake: 8, 8, 8, 8, 7 na 5 ni saa 44. Jumlisha dakika peke yake: 20, 40, 10, 50, 25 na 35 ni dakika 180, yaani saa 3. Jumla 47. Huko kwenye Excel nako hukukosea kujumlisha, ila ulisomewa jibu usilolitarajia. Tutafika.

Kosa lako limeanzia kwenye nukta. Sisi tumezoea kuandika "saa 2.30" na kusoma "saa mbili na nusu". Nukta ile haina kazi nyingine zaidi ya kutenga saa na dakika. Kikokotoo hakijui mazoea hayo. Kikiona 8.20 kinasoma nane na sehemu ishirini za mia, yaani saa nane na moja ya tano. Lakini dakika 20 ni theluthi ya saa. Theluthi ya saa imelipwa kama moja ya tano.

Angalia kinachotokea kwa dakika moja. Saa ina dakika 60, ila ukiandika dakika baada ya nukta unaichukulia kana kwamba ina 100. Sehemu moja ya mia ya saa ni sekunde 36. Kwa hiyo kila dakika uliyoiandika baada ya nukta imehesabiwa kwa sekunde 36 na sekunde 24 zimepotea. Mpishi wako alikuwa na dakika 180 za namna hiyo kwa wiki. Mara sekunde 24, zinakuja sekunde 4,320, na hizo ni dakika 72: ile saa moja na dakika kumi na mbili aliyokuja nayo mkononi.

Kosa hili halina siku linapomfaidisha mfanyakazi. Makosa mengine ya hesabu huenda huku na huku yakafutana, hili linakata upande mmoja tu. Na linakata penye nyama. Saa za kawaida kwa sheria yetu ya ajira ya mwaka 2004 ni 45 kwa wiki, zinazozidi hapo zinalipwa mara moja na nusu. Kwa hesabu ya 45.80 mpishi alibakiwa na 0.80 ya ovataimu: 0.80 mara 2,000 mara 1.5 ni shilingi 2,400. Kwa hesabu ya kweli ana saa 2, ambazo ni shilingi 6,000. Saa zake za wiki zimepungua kidogo tu ukizitazama kwa jumla, lakini ovataimu imepungua kwa zaidi ya nusu. Ndiyo maana hawa watu huanza kulalamikia ovataimu, na ofisini tunadhani wanataka kuongezewa.

Sasa, watu wengi wakishaelewa hapo hukimbilia dawa ya kwanza, nayo ni kugawa dakika kwa 60 kila siku na kuandika nafasi mbili za desimali. 8:20 inakuwa 8.33, 8:40 inakuwa 8.67, 8:10 inakuwa 8.17, 8:50 inakuwa 8.83, 7:25 inakuwa 7.42, na 5:35 inakuwa 5.58. Zijumlishe: 47.00 kamili. Umefurahi? Usifurahi bado. Wiki hii imetoka vizuri kwa sababu vipande vilivyokatwa kwenye siku moja vimerudishwa na vilivyoongezwa siku nyingine. Mchukue sasa mfungaji wa mikate anayefanya 8:20 kila siku, siku 26 za mwezi. 8.33 mara 26 ni 216.58. Ukweli ni saa 216 na dakika 40. Amepoteza dakika tano na ushee, na jirani yake anayefanya 8:40 kila siku amezidishiwa kiasi hicho hicho, kwa sababu 0.67 imevuka theluthi mbili kidogo.

Tatizo ni kwamba 60 inagawanyika kwa 3, na theluthi haiishi ukiiandika kwa desimali: 0.3333 na kuendelea, popote utakapokata umebakiza kitu. Kwa nafasi mbili za desimali, dakika zinazotoka kamili ni zile zinazogawanyika kwa 3 tu. Dakika 3 ni 0.05, dakika 12 ni 0.20, dakika 45 ni 0.75, hizo ni safi. Dakika 10, 20, 25, 40 na 50, ambazo ndizo zimejaa kwenye madaftari yetu, hazitoki safi hata moja. Ukitumia nafasi moja ya desimali hali ni mbaya zaidi: mfungaji yule anaandikiwa 8.3 kila siku na mwisho wa mwezi amekosa dakika 52.

Dakika tano kwa mwezi utasema ni shilingi mia na kitu, nani atazidai. Mimi nilidaiwa. Mwaka wangu wa kwanza nikilipa vibarua wa ghala fulani, kulikuwa na mzee aliyeandika muda wake nyuma ya kalenda ndogo ya mfukoni. Kila mwisho wa mwezi alikuja na tofauti ya dakika nne au tano, na kila mara nilimweleza kwamba "kompyuta ndivyo inavyohesabu". Mwezi wa tatu akaniuliza mbele ya wenzake kama kompyuta huwa inakosea kwa tajiri pia. Sikuwa na jibu, na nilikuwa na foleni ya watu thelathini dirishani.

Jibu nililokuja kulipata ni hili: usiende kwenye desimali mapema. Dakika ni namba nzima, haina kipande, na kujumlisha namba nzima hakupotezi kitu. Geuza kila siku kuwa dakika tupu. 8:20 ni 8 mara 60, ongeza 20, sawa na 500. Ukiendelea hivyo wiki ya mpishi wako ni 500, 520, 490, 530, 445 na 335. Jumla 2,820. Saa 45 za kawaida ni dakika 2,700. Ovataimu ni dakika 120. Hapo hujagusa desimali hata moja.

Pesa nayo usiikate njiani. Kiwango cha saa kwa mshahara wa mwezi wengi tunakipata kwa kugawa kwa 195, yaani saa 45 mara wiki 4.333 za mwezi. Kwa 390,000 inatoka 2,000 safi, umebahatika. Kwa mwenye 350,000 inatoka 1,794.87 na mkia mrefu nyuma yake, na ukiandika 1,795 umeanza tena kukadiria, tena sasa kosa linazidishwa kwa kila saa. Acha mshahara mzima uingie kwenye hesabu: dakika za ovataimu mara mshahara wa mwezi mara 1.5, gawa kwa 11,700, ambayo ni 195 mara 60. Kwa mpishi, 120 mara 390,000 mara 1.5, gawa kwa 11,700, ni 6,000. Ukishapata jibu la mwisho ndipo unakadiria, mara moja tu, kwenye shilingi nzima. Kama unalipa taslimu na huna chenji ndogo, panda hadi hamsini inayofuata. Ni hasara ndogo kuliko kubishana nayo.

Turudi kwenye Excel. Muda humo ndani haukai kama saa, unakaa kama sehemu ya siku. Saa 12 ni 0.5, saa 24 ni 1, na saa 47 ni siku 1.9583. Seli yenye umbo la saa la kawaida inakuonyesha kinachobaki baada ya kutoa siku nzima, na 47 ukitoa 24 ni 23. Ndiyo ile 23:00 yako. Badilisha umbo la seli liwe `[h]:mm`, hayo mabano ya mraba ndiyo yanayoiambia isitupe siku nzima, na utaona 47:00. Ile 3,917 nayo ndiyo hiyo hiyo: umezidisha 2,000 kwa siku 1.9583 badala ya kwa saa 47. Kupata saa unazidisha kwanza kwa 24, na kupata dakika unazidisha kwa 1,440.

Tuseme tarehe iko safu ya A, kuingia B, kutoka C, mapumziko D, yote yameandikwa kwa nukta mbili kama 04:05. Kwenye E2 weka dakika za siku, uikokote chini mpaka E7:

```
=ROUND((MOD(C2-B2,1)-D2)*1440,0)
```

Safu hiyo ya E iwe na umbo la namba ya kawaida, si la saa. `MOD` ipo kwa ajili ya zamu inayovuka usiku wa manane, maana bila hiyo kutoka 06:00 ukitoa kuingia 22:00 kunakupa namba hasi. `ROUND` hapa haikadirii kazi ya mtu. Ipo kwa sababu 1 gawa kwa 1,440 haikai kamili kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na mara nyingine 500 inatoka 499.9999999. Ukiikata kwa `INT` badala ya `ROUND`, umempokonya dakika nzima mtu ambaye hajakosa kitu. Kisha kwenye E8 jumla, E9 ovataimu, E10 fedha:

```
=SUM(E2:E7)
=MAX(0,E8-2700)
=ROUND(E9*390000*1.5/11700,0)
```

Kama kompyuta yako inakataa mkato, jaribu nukta-mkato, inategemea ilivyopangwa. Na kama bosi au benki inataka saa za desimali kwenye fomu yao, gawa E8 kwa 60 mwishoni kabisa na uandike wanachotaka: 47.00. Fomu ibebe hiyo, lakini malipo yatoke kwenye dakika. Hili uliandike pembeni, kwa sababu siku moja mkaguzi atachukua desimali iliyochapishwa, azidishe kwa kiwango, na apate tofauti ya shilingi kadhaa na hati ya mshahara.

Kwa kiwanda cha mikate kuna mtego mwingine ambao vitabu vya Excel havitaji, maana vimeandikwa na watu wasiohesabu saa kama sisi. Waokaji wako huenda wanaanza saa kumi alfajiri. Kwenye daftari mpishi ameandika ameingia 10.05 na kutoka 7.25 mchana, na alipumzika saa moja. Kichwani unaiona: saa tisa na dakika ishirini, toa saa ya mapumziko, 8:20. Lakini ukiingiza 10:05 na 7:25 kama zilivyo, Excel inaona mtu aliyeingia asubuhi akatoka kesho yake, na inakupa dakika 1,220, yaani 20:20. Saa kumi na mbili zimeongezeka, na hizo utazigundua mara moja. Hatari zaidi ni pale umechanganya: mashine ya alama za vidole imetoa kuingia 04:05, kutoka umechukua kwenye daftari la mlinzi 7:25. Inatoka 3:20, toa mapumziko, 2:20. Saa sita zimekwenda, na kwa mtu wa zamu fupi unaweza ukaipitisha ukidhani aliwahi kuondoka. Chagua saa moja ya kuandikia. Kama wafanyakazi wamezoea saa zetu, waache waandike hivyo pamoja na neno alfajiri, mchana au usiku, na wewe ugeuze wakati wa kuingiza: 10.05 alfajiri iwe 04:05, 7.25 mchana iwe 13:25. Usiwalazimishe walinzi kugeuza kichwani saa kumi na moja alfajiri. Waangalie pia wanaoandika "saa 3 kasorobo", nimeona ikiingizwa kama 3:15.

Kuhusu robo saa ya mwenzako, tuijaribu kwa haki. Siku za mpishi zinakuwa 8:15, 8:45, 8:15, 8:45, 7:30 na 5:30. Jumla: 47:00. Ndiyo, inatoka sawa, na mwenzako akiitumia wiki hii kama ushahidi atashinda ubishi. Mrudie tena mfungaji wa 8:20 kila siku. Anashushwa 8:15 kila siku, dakika 5 mara 26, ni saa mbili na dakika kumi kwa mwezi. Kukadiria kunafutana pale tu dakika za watu zinapotawanyika ovyo. Watu wa kiwandani hawatawanyiki: gari la mkate linaondoka muda ule ule, kwa hiyo kosa linarudi pale pale kila siku. Marekani kanuni zao zinaruhusu kukadiria hadi robo saa kwa sharti kwamba baada ya muda mfanyakazi asipungukiwe, na programu nyingi za malipo zina kitufe hicho kwa sababu hiyo. Kilikuwa na maana enzi za kujumlisha kwa penseli. Wewe una Excel na watu 14, sioni unachookoa. Kama unasumbuliwa na mtu anayesaini dakika kumi kabla ya kazi kuanza ili zihesabike, hilo ni la utaratibu wa zamu, lisemwe wazi kwa maandishi, lisifichwe ndani ya fomula.

Limebaki la huko nyuma, maana mpishi huyu si wa kwanza, ila ndiye wa kwanza kuja na karatasi. Fungua rekodi zako za zamani utazame tarakimu mbili baada ya nukta kwenye saa za kila siku. Kama mwezi mzima hakuna siku hata moja yenye 60 na kuendelea, kama 8.75 au 7.92, basi tarakimu zote hizo ni dakika zilizovaa nukta, na kila jumla iliyotoka hapo imepungua. Ukikuta 8.2 usiisome saa nane na dakika mbili, ni 8.20 iliyoachwa na sifuri yake. Kama ziko tayari kwenye safu ya A, hii inazirudisha kuwa dakika:

```
=INT(A2)*60+ROUND(MOD(A2,1)*100,0)
```

Kwanza ijaribu kwenye seli ya 8.2, inapaswa kutoa 500. Kisha linganisha na ulichokwisha kulipa, mtu kwa mtu, wiki kwa wiki, kwa sababu ovataimu inapimwa kwa wiki na huwezi kujumlisha mwezi mzima ndipo utoe. Ukikuta siku iliyozidi saa 9 za kazi, au kazi ya usiku kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, iweke pembeni. Zina kanuni zake, na fomula yangu ya 2,700 haizihesabu.

Hapo ndipo ningekuambia usimalize peke yako. Malimbikizo yakishajulikana, yanaingia kwenye pato linalokatwa kodi na yanaweza kugusa michango ya NSSF, na mwezi wa kuyaingiza unahitaji mhasibu anayewasilisha hizo fomu akae na wewe na faili hilo mezani. Kama kuna aliyekwisha acha kazi, au mwajiri anasita kulipa ya nyuma, mwendeeni afisa kazi wa mkoa kabla jambo halijafika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ukienda na jedwali la dakika, mazungumzo ni mafupi sana.

Mpishi wako mlipe 3,600 zake zilizobaki wiki hii, usisubiri uhakiki wa wengine. Na kwenye hati yake ya mshahara ongeza mstari unaosema "dakika 2,820, za kawaida 2,700, za ziada 120". Ana simu, atajumlisha mwenyewe.